Andalio la Kuchuja Maji

Mwalimu wa sayansi alinichukia kabla sijagusa karatasi yake hata moja, na sababu niliijua. Mwalimu wa taaluma aliyekuwepo alihamishwa, na kila mtu pale shuleni alijua nafasi ile ni ya nani. Mwalimu huyu wa sayansi alikuwa amefundisha pale Itiryo tangu mimi nikiwa mtoto wa shule huko kwetu Serengeti, upande wa Manchira. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wanafunzi wake pia. Halafu mwalimu mkuu akasimama kwenye kikao cha kufungua muhula akanitaja mimi, mwanamke, mgeni, ambaye hata mahindi ya kwanza nilikuwa sijavuna pale.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ofisini, nikamwambia, "Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa anachonga penseli kwa wembe. Aliendelea kuchonga. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akapuliza unga wa penseli pale mezani, akainuka akaenda darasani. Kuanzia siku ile hakuniitikia salamu, na mimi sikuacha kumsalimia. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake mbele ya watu, na kila asubuhi akaiacha pale pale ilipoangukia. Wenzetu walizoea. Mwalimu wa hisabati aliniambia niache, najidhalilisha bure. Nikamwambia anayejidhalilisha si mimi.

Wakikaa peke yao pale nje, kwenye benchi la ukutani, yeye na walimu wawili wa kiume, walizungumza Kikurya. Nikitokea hawakubadilisha. Walidhani sielewi, na kwa kweli nusu nilikuwa sielewi. Lakini lugha yetu ya nyumbani haiko mbali sana na yao, na mtu akikutaja kwa ubaya masikio hujifunza haraka. Nilisikia neno la mwanamke, nikasikia neno la kompyuta, nikasikia kicheko. Nilipita na chaki zangu.

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi ulipokuja ujumbe kutoka kwa afisa elimu kata. Wathibiti ubora wa shule wangepita katika kata yetu, na waliotutangulia kukaguliwa walikuwa wamekemewa kwa jambo moja: kila mwalimu na mtindo wake wa kuandika andalio la somo. Mmoja anaandika kwa mistari, mwingine kwa vidokezo, mwingine anachora mishale. Afisa elimu kata akatuma kiolezo kimoja kwenye simu ya mwalimu mkuu. Juu kabisa taarifa za kipindi: somo, darasa, tarehe, muda, idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria. Chini yake malengo. Halafu vifaa na zana, halafu rejea. Halafu jedwali lenye hatua za somo, muda wa kila hatua, kazi za mwalimu, kazi za mwanafunzi, na safu ya mwisho ya tathmini. Na chini kabisa nafasi ya mwalimu kujaza baada ya kufundisha: wanafunzi wamefikia lengo kwa kiasi gani, na yeye mwenyewe kipindi kilimwendeaje.

Mwalimu mkuu alisoma ujumbe ule ofisini, kisha akasema ambao maandalio yao hayako hivyo wampe mwalimu wa taaluma ayahamishie humo, kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta mpakato. Alisema "ayahamishie" kama mtu anayezungumzia kuhamisha kiti. Walimu wengi walifurahi kupunguziwa kazi. Walileta madaftari yao jioni hiyohiyo.

Mwalimu wa sayansi alileta lake siku iliyofuata, baada ya kuambiwa mara mbili. Lilikuwa kaunta buku kubwa lenye jalada gumu, kona zimelika. Hakunipa mkononi. Alilitupa mezani likagonga kikombe changu cha chai, chai ikamwagika.

"Ukurasa wenye kikaratasi," akasema. "Usinipindulie kurasa nyingine."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nipewe cheo.

Nilifuta chai, nikafungua penye kikaratasi. Lilikuwa somo la darasa la sita, kuchuja maji. Aliandika kwa mwandiko mzuri ulioinamia upande mmoja, wino wa bluu, bila vichwa vya habari, ukurasa mzima na nusu ya ukurasa wa pili. Ilikuwa kama barua. Watoto waelewe maji safi na maji machafu. Niwapeleke kijitoni chini ya shule wachote maji pale ng'ombe wanapovukia. Wakate chupa za plastiki, wazigeuze mdomo chini. Kitambaa, mkaa uliopondwa, mchanga, juu kabisa changarawe. Mchanga na mkaa vioshwe kwanza mpaka maji yatoke meupe. Wamwage maji ya kijitoni, wangoje, waone. Wakiona yamekuwa maangavu watashangaa. Mwisho waonje.

Nilisoma mara mbili. Niseme ukweli, lilikuwa somo zuri, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilitaka liwe baya. Lakini halikuwa na lengo linalopimika, halikuwa na muda wa hatua hata moja, na tathmini haikuwepo kabisa, labda kuonja ndiko kulikuwa tathmini. Nikamfuata nje kwenye benchi. Walikuwa watatu, wakanyamaza.

"Mwalimu, nina maswali mawili kuhusu andalio lako."

"Uliza."

"Umeandika watoto waelewe. Kiolezo kinataka kitendo ninachoweza kukiona. Kuelewa hakuonekani. Waweze kufanya nini mwisho wa kipindi? Watengeneze chujio? Waeleze?"

Aliwatazama wenzake, si mimi. "Miaka yote hii nimefundisha watoto kuelewa. Sasa naambiwa kuelewa hakuonekani."

Wale wawili wakacheka kidogo.

"Na la pili," nikasema, "utajuaje kama wamefikia lengo? Safu ya tathmini niandike nini?"

"Andika unachotaka. Si wewe ndiye mwalimu wa taaluma?"

"Andalio ni lako, mwalimu."

"Lilikuwa langu," akasema, akageuka akaendelea na Kikurya chake palepale alipokuwa amekatiza.

Nilirudi ofisini nimekunja ngumi mpaka kucha zikaniuma viganjani. Niliamua kwamba sitamuuliza tena.

Jumamosi nilishuka mjini, kwa dada yangu anayeishi Nkende, kwa sababu shuleni umeme ulikuwa umekatika na kompyuta ilikuwa inazima. Dada ana duka dogo la vipodozi mbele ya nyumba. Nilikaa nyuma ya kaunta, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele, nikachapa maandalio ya shule nzima. Mengi yalikuwa kazi ya mkono tu. La mwalimu wa Kiingereza lilikuwa tayari limekaa vizuri. La mwalimu wa stadi za kazi nilipanga upya hatua. La kuchuja maji nililiacha mwisho.

Mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi ile anadhani ni kunakili. Si kunakili. Ukurasa ule wa bluu ulikuwa umechanganya kila kitu: alichotaka watoto wajue, alichohitaji, atakachofanya yeye, watakachofanya watoto, vyote katika sentensi moja. Ilibidi niipasue kila sentensi. "Wakate chupa" inaingia kwenye kazi za mwanafunzi, lakini chupa zenyewe ziende kwenye vifaa, na kwenye kazi za mwalimu niandike kuongoza makundi na kuhakikisha usalama wa kukata. "Wangoje, waone" nikaiweka kwenye maarifa mapya, nikaipa dakika zake. Ukipasua hivyo, vipande vingine vinabaki mkononi havina safu.

Lengo nililiandika mwenyewe: ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutengeneza chujio rahisi kwa mpangilio sahihi wa vifaa, na kueleza kwa nini maji yaliyochujwa bado yanapaswa kuchemshwa. Sehemu ile ya pili haikuwemo kwenye kaunta buku, lakini nilijua ndiyo yenye maana. Watoto wa Itiryo wanachota maji wanayochangia na ng'ombe. Mtu akiwaonyesha kwamba maji maangavu ni maji salama, amewafundisha hatari. Kwa hiyo kuonja nilikufuta. Sikukusogeza kwenye safu nyingine, nilikufuta.

Safari ya kijitoni nayo nikaifuta. Kipindi ni dakika arobaini. Kushuka na kupanda kile kilima na darasa zima kunamaliza nusu yake, na mwalimu wa somo linalofuata, ambaye mara nyingi nilikuwa mimi, alikuwa anabaki na darasa tupu. Badala yake kwenye vifaa nikaandika maji, ndoo moja. Halafu chupa za plastiki, kitambaa, mkaa, mchanga, changarawe. Kisanduku cha vifaa kilikuwa kidogo, nilitaka kila andalio likae kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Nilivitaja vifaa kwa majina yake nikaenda kwenye jedwali.

Dada aliniona nikigonga vitufe kwa nguvu. "Unagombana na nani?"

"Na mtu ambaye hayupo."

"Basi unashinda," akasema, akamhudumia mteja.

Nilichapisha kwenye duka la stationari la jirani yake. Jumatatu nikagawa. Kila mwalimu alisoma la kwake, akasahihisha hapa na pale kwa kalamu, akatia sahihi. Mwalimu wa sayansi alisimama dirishani akalisoma lake polepole, mbele na nyuma, huku midomo yake ikicheza. Nilijua amefika kwenye tathmini midomo ilipotulia. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimejiandaa kabisa na hoja ya kuchemsha maji, nilikuwa nimeirudia njiani kote kutoka mjini.

Alitoa kalamu, akatia sahihi kubwa, akanirudishia nakala ya faili.

"Kama kuna la kubadilisha, mwalimu, tubadilishe sasa," nikasema.

"Hapana. Umeandika wewe. Nitafundisha kama ulivyoandika."

Alikunja nakala yake mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Siku ile niliona ni ushindi.

Wathibiti walikuja wiki ileile, wawili, kwa pikipiki, wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mmoja aliingia kwenye ofisi ya mwalimu mkuu na majalada. Mwingine, mama mtulivu aliyevaa miwani ya kusomea kwenye mkufu, alitaka kuketi darasani. Akaangalia ratiba ya siku, akanyoosha kidole: sayansi, darasa la sita. Kwa utaratibu wetu mwalimu wa taaluma huandamana na mgeni, kwa hiyo tuliketi pamoja nyuma ya darasa, kwenye dawati moja la watoto, magoti yetu yamegusa mbao. Yeye alishika andalio. Jina lililokuwa juu ni la mwalimu wa sayansi. Mwandiko wa kompyuta ulikuwa wangu.

Mwalimu alianza vizuri kupita kiasi. Utangulizi nilikuwa nimeupa dakika tano, naye akautumia dakika tano, huku akitazama saa yake mkononi kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Aliuliza maswali niliyoyaandika, kwa maneno niliyoyaandika. Halafu akafunua vifaa mezani, kimoja kimoja, akivitaja kwa mpangilio wa kisanduku changu. "Maji, ndoo moja. Chupa za plastiki. Kitambaa. Mkaa. Mchanga. Changarawe."

Niliona ndoo. Watoto walikuwa wamechota kwenye simtanki ya shule, maji ya mvua. Ndoo ilikuwa ya plastiki inayopitisha mwanga, na hata kutoka pale nyuma niliona maji yalivyo maangavu. Nikauona na mkaa. Ulikuwa umepondwa vizuri, mkavu, mweusi, unatoa vumbi kila mtoto alipoushika. Hapo ndipo nilipokumbuka ule mstari wake wa bluu, mchanga na mkaa vioshwe kwanza. Ule mstari haukuwa na safu. Ulikuwa umebaki mkononi mwangu pale Nkende, nami nikautupa.

Yeye hakuwa ameusahau. Alisimama pembeni mikono imefungwa nyuma, akiwaacha watoto wapange tabaka zao. Walipanga vizuri. Kisha akasema, "Mwageni maji," akanitazama. Tangu nifike shule ile ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni.

Maji maangavu yaliingia juu, yakatoka chini meusi. Kwenye kundi la mbele yakatoka kama uji wa majivu. Watoto wakatazamana. Mvulana mmoja alicheka akajiziba mdomo.

"Mnaona nini?" mwalimu akauliza. Nalo lilikuwa swali langu, limeandikwa kwenye jedwali.

"Maji yamechafuka, mwalimu," likajibu darasa zima.

Mthibiti alivaa miwani yake, akasoma andalio upya, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikuthubutu kuangalia. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilimtazama mwalimu yule pale mbele, koti lake limefungwa vifungo vyote, nikatamani aanguke.

Ilibaki tathmini. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. "Eleza kwa nini maji yaliyochujwa bado yanapaswa kuchemshwa."

Alitegemea kimya, nadhani. Hakuwa amefundisha chochote kuhusu kuchemsha. Nilikuwa nimekuandika kwenye kazi za mwalimu, mstari mmoja, naye alipokuwa ubaoni aliusoma mstari ule kwa kasi akapita. Lakini msichana mmoja wa upande wa dirisha alinyoosha mkono.

"Kwa sababu yale tuliyoweka yalikuwa mazuri na yametoka hivi," akasema. "Na yakitoka mazuri pia hatujui. Macho hayaoni wadudu."

"Wadudu gani?" mwalimu akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, maana swali lile halikuwepo kwenye karatasi.

"Wale wadogo. Wa kuharisha. Mama anachemsha hata ya simtanki."

Mwalimu alitazama saa yake. Akasema, "Vizuri. Kaa." Akafunga kipindi kwa dakika iliyoandikwa.

Mthibiti alituita wote wawili ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakupandisha sauti hata mara moja, ingekuwa nafuu kama angepandisha. Alianza na mwenzangu.

"Mwalimu, ulijua mkaa huoshwa?"

"Nilijua."

"Ukauacha?"

"Haikuandikwa."

"Na maji maangavu, uliyaona?"

"Niliyaona. Andalio linasema maji. Yale ni maji."

Mwalimu mkuu alishika kichwa. Mthibiti akageukia kwangu. "Na hili nani kaliandika?"

"Nililihamishia mimi kwenye kiolezo, kutoka kwenye daftari lake."

"Daftari liko wapi?"

Lililetwa. Aliusoma ukurasa wa bluu wote, na kidole chake kikasimama mahali ambapo nilijua kitasimama. Kisha akaweka daftari na karatasi yangu bega kwa bega mezani.

"Huyu ana somo lakini hana andalio," akasema. "Wewe una andalio lakini umelipunguzia somo. Lengo lako ni zuri, tathmini yako ni nzuri, kuonja umefanya vema kukuondoa. Lakini kifaa kinaandikwa pamoja na hali yake. Maji gani? Mkaa wa namna gani? Mwalimu mgeni akilichukua hili aweze kufundisha." Akamtazama tena mwenzangu. "Na wewe umelifundisha kama mgeni kwa makusudi, mbele ya watoto. Hilo nitaliandika."

Aliliandika. Pikipiki zilipoondoka, vita vilihamia ofisi ya walimu. Alinifuata mpaka mezani kwangu, na safari hii hakutumia Kikurya.

"Umefurahi? Umeniandikisha ripoti nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu."

"Umejiandikisha mwenyewe. Ungesema neno moja, mwalimu. Neno moja, mkaa uoshwe. Nilikupa karatasi mkononi nikakuuliza."

"Nilikwambia nini nilipokupa daftari? Niliandika yote mle. Ulikuwa na macho. Umeyatoa unayotaka, umeyaacha unayotaka, halafu ukaniwekea jina langu juu."

"Na watoto je? Umewapa maji meusi ili unikomoe mimi."

"Wewe ungewapa nini? Mistari? Jedwali?" Aliinamia meza. "Hukuja hapa kufundisha, umekuja kutupanga. Rudini kwenu mkapangane huko."

Mwalimu wa hisabati alisimama katikati yetu. Nilikuwa nimeshika rula ya mbao na sijui niliichukua saa ngapi. Nilimwambia mwalimu yule kwamba kwetu ni mkoa uleule wa Mara na kwao, na kwamba mtu mzima asiyejibu shikamoo hana cha kumfundisha mtu kuhusu heshima. Ofisi nzima ilisikia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Marahaba," akatoka. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuniitikia, na aliitoa kama mtu anayetema.

Mwalimu mkuu alitulazimisha kuandika upya andalio lile pamoja, ofisini kwake, mlango wazi, yeye mwenyewe akisahihisha mitihani pembeni. Tulikaa pande mbili za meza, mimi na kompyuta, yeye na kaunta buku lake amelifunika kwa mkono kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Alisema sentensi, nikaipasua, nikamsomea inapokwenda.

"Maji ya kijitoni yenye tope, ndoo moja, yachotwe siku moja kabla," akasema.

"Yachotwe na nani?"

"Na wanafunzi wa zamu."

"Hapo sawa. Hiyo ni maandalizi, inaingia kwenye vifaa."

"Usiingize maneno yako."

"Ni maneno yako, nimeyahamisha tu."

"Ulisema hivyo na lile la kwanza."

Tuligombania kila mstari. Alitaka dakika ishirini za kuchuja, nikamwambia zinakula za tathmini, akasema tathmini ya swali moja haihitaji muda, nikasema ndiyo maana alikuwa hana tathmini maisha yake yote. Mwalimu mkuu aligonga meza kwa kalamu nyekundu bila kuinua kichwa. Tukaendelea. Kwenye kuonja tulikwama kabisa. Alisema watoto wasipoonja hawatasahau tu somo, watamsahau na mwalimu. Nilisema mtoto mmoja akiharisha mzazi atakuja na panga, na yeye anawajua wazazi wa pale kuliko mimi. Mwisho yeye mwenyewe akasema, kwa hasira, kama anayenifanyia ubaya, "Basi ndoo nyingine ya maji yaliyochujwa na kuchemshwa. Waonje hayo. Andika. Na kuni ziingie kwenye vifaa vyako."

Niliandika. Lilikuwa wazo zuri kuliko langu, na niliandika bila kumwambia hivyo. Yachemshwe jikoni shuleni kabla ya kipindi, yapoe, mwalimu awaonyeshe watoto ndoo mbili, waeleze tofauti ambayo macho hayaioni. Kwenye safu ya tathmini nikaongeza swali, akalibadilisha neno moja, nikaliacha alivyolibadilisha kwa sababu alikuwa sahihi.

Andalio lile jipya lilikaa kwenye kurasa tatu badala ya mbili. Alilifundisha muhula uliofuata kwa mkondo wa pili wa darasa la sita. Mimi nilikuwa darasa la jirani, nikasikia watoto wakipiga kelele za mshangao, zile alizoziandika kwa wino wa bluu kwamba zitatokea. Hakunialika na sikwenda.

Tangu hapo alijifunza kujaza kiolezo mwenyewe kwa mkono, kwa rula, safu zimenyooka kuliko zilizochapwa. Malengo yake yalikuwa na vitenzi vinavyopimika. Vifaa vyake aliviandika pamoja na hali zake, mpaka ikachekesha: chaki nyeupe, kavu, isiyovunjika. Sehemu moja tu alikataa. Pale chini, penye tathmini ya mwalimu baada ya kipindi, kila siku aliandika neno moja: Nimefundisha. Kila Ijumaa nilipopitia maandalio niliweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu mbele ya neno lile. Jumatatu likarudi vilevile. Nikaandika: Wanafunzi wangapi walifikia lengo? Akaandika: Waliofikia. Sikumpeleka kwa mwalimu mkuu. Nilichoka kuwapeleka watu kwa watu, na nadhani nilikuwa nimeanza kuvizoea vita vile, kama unavyozoea jirani mwenye redio.

Mwaka uliofuata nilipata uhamisho kurudi Serengeti, karibu na nyumbani. Walimu walichinja mbuzi kuniaga. Yeye alikuja, akala, akakaa mwisho wa benchi, na zilipofika hotuba alikuwa ameshaondoka. Mwalimu wa hisabati alinipigia simu baadaye akaniambia nafasi ya taaluma amepewa yeye, yule wa sayansi, kwa muda wake uliobaki kabla ya kustaafu, na kwamba anawarudishia walimu maandalio yao mara tatu tatu kwa kosa la kutoandika hali ya vifaa.

"Anasema nini kuhusu mimi?" nikauliza.

"Hakutaji."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikarudi kwenye rundo langu la maandalio ya shule mpya, ambako mwalimu mmoja kijana wa somo la uraia alikuwa ameandika, kwa mara nyingine, kwamba wanafunzi waelewe.